Kifungu Kilichogandisha Kodi

Kwa miaka kadhaa, halmashauri za wilaya zenye migodi mikubwa ya dhahabu Kanda ya Ziwa zilikuwa zikipokea kutoka mgodini kiasi kilekile kila mwaka: dola 200,000 za Marekani. Bei ya dhahabu ipande, dola 200,000. Mgodi uchimbe zaidi ya mwaka jana, dola 200,000. Wilaya hiyohiyo, mwenye hoteli au kampuni ya malori alikuwa akidaiwa ushuru wa huduma ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa wakati huo iliuruhusu ufike asilimia 0.3 ya mauzo. Tuchukue mgodi wa kufikirika unaouza dhahabu ya dola milioni 400 kwa mwaka. Asilimia 0.3 ya hiyo ni dola milioni 1.2. Kila mwaka, basi, halmashauri inakosa dola milioni moja ambayo ingeweza kuidai kama mgodi ungekuwa hoteli.

Madiwani waliouliza sababu walipewa jibu fupi: mkataba. Mgodi haukuwa umekwepa kitu. Ulikuwa umesaini na serikali kuu Mkataba wa Uendelezaji Madini, na ndani yake kiwango cha dola 200,000 kilikuwa kimeandikwa kama ukomo. Kilichofanya ukomo huo usiguswe na sheria ya ushuru wala na baraza la madiwani ni kifungu ambacho wanasheria hukiita kifungu cha uthabiti. Mimi napenda kukiita kifungu cha kugandisha, kwa kuwa ndicho kinachofanya. Kinachukua sheria za nchi kama zilivyokuwa siku ya kusaini, kinazigandisha kama maziwa kwenye kibuyu, na kuahidi kwamba mwekezaji huyu ataendelea kuishi ndani ya siku ile hata wengine wote wakihamia kwenye sheria mpya.

Kabla ya kukilaani, tukielewe. Anayejua biashara ya fremu za maduka mijini anaijua shida inayotatuliwa hapa. Mpangaji anakuta fremu haina sakafu wala umeme. Anaweka vigae, anavuta umeme, anajenga kaunta, anamaliza akiba yake. Kabla hajaingia, mwenye nyumba alikuwa mpole maana fremu ilikuwa tupu. Baada ya mwaka, wateja wamezoea mahali, na mwenye nyumba anakuja na kodi mara mbili. Mpangaji ataondoka vipi? Vigae havibebeki. Mgodi ni fremu ya aina hiyo, ila vigae vyake ni shimo la chini ya ardhi, mtambo wa kusaga mwamba na barabara, vyote vimegharimu mamia ya mamilioni ya dola kabla tofali la kwanza la dhahabu halijamiminwa. Siku ya kwanza mwenye nguvu mezani ni mwenye fedha. Fedha zikishazikwa ardhini, nguvu inahamia kwa mwenye ardhi. Mwekezaji anayeijua hali hiyo, na benki inayomkopesha inayoijua kuliko yeye, hudai ahadi ya maandishi kwamba kodi haitabadilishwa baada ya vigae kuwekwa.

Ndiyo maana Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimruhusu waziri kusaini mikataba yenye ahadi ya uthabiti wa kodi kwa miradi ya muda mrefu. Wakati ule dhahabu ilikuwa na bei ya chini mno, na nchi ilikuwa inatafuta wawekezaji kwa tochi. Shida ilikuwa katika upana na urefu wa ahadi yenyewe. Benki inahitaji uhakika hadi mkopo urudi. Mikataba ilitoa uhakika kwa maisha ya mgodi.

Gharama yake ilionekana wazi mwaka 2010. Mwaka 2007 Bunge liliwaka moto kuhusu mkataba wa Buzwagi, uliosainiwa London mwezi Februari na waziri wa wakati huo, Nazir Karamagi. Mbunge Zitto Kabwe alitaka iundwe kamati ya kuuchunguza, akaishia kusimamishwa ubunge kwa muda. Joto lililofuata lilimfanya Rais Kikwete aunde kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na mapendekezo yake yakachangia Sheria mpya ya Madini ya 2010. Sheria hiyo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, tena ikabadilisha namna ya kuukokotoa. Zamani mgodi ulianza kwa kutoa gharama za kusafirisha na kusafisha dhahabu, ndipo asilimia ikapigwa kwenye kilichobaki. Sasa asilimia ilipigwa kwenye thamani yote.

Turudi kwenye mgodi wetu wa kufikirika. Chukulia gharama hizo ni dola milioni 10. Kwa sheria ya zamani, mrabaha ni asilimia 3 ya milioni 390, yaani dola milioni 11.7. Kwa sheria ya 2010, ni asilimia 4 ya milioni 400, yaani milioni 16. Tofauti ni dola milioni 4.3 kwa mwaka, kwa mgodi mmoja. Lakini sheria hii mpya, iliyopitishwa na Bunge la nchi huru na kusainiwa na Rais, ilipofika kwenye lango la migodi mikubwa ilibisha hodi na kukuta mlango umefungwa. Iliwahusu watakaokuja. Waliokuwapo walikuwa ndani ya mikataba yao, na serikali ilibidi iwaombe. Wakubwa walikubali baadaye kulipa asilimia 4. Kampuni iliyokuwa na Bulyanhulu na Buzwagi ilikubali mwaka 2012. Angalia neno lenyewe: ilikubali. Kodi huwa haikubaliwi na mlipaji, inatozwa.

Hapo ndipo linapozuka swali la mamlaka. Nchi inaweza kweli kujifunga isitunge sheria? Tarehe 14 Desemba 1962, mwaka mmoja tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1803 kuhusu mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya maliasili zao. Kura 87 zilikubali, 2 zilikataa. Azimio linasema watu wa nchi ndio wenye utajiri wa ardhi yao, na kwamba nchi ina haki ya kutaifisha kwa manufaa ya umma, ikilipa fidia stahiki. Wanasiasa wetu hulinukuu kwa furaha. Mara chache hufika aya ya nane, inayosema mikataba ya uwekezaji ambayo nchi huru imeingia kwa hiari yake itaheshimiwa kwa nia njema. Azimio moja linampa mwenye nyumba hati na linampa mpangaji mkataba, bila kusema nani mshindi wakigombana.

Ushindi huo umetafutwa mbele ya wasuluhishi, na kesi inayofundisha kuliko zote, kwa maoni yangu, inatoka Kuwait.

Mwaka 1948, Kuwait ikiwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza, mtawala wake Sheikh Ahmad al-Jaber alisaini mkataba na kampuni ya Kimarekani iitwayo Aminoil. Kampuni ilipewa haki ya mafuta kwenye sehemu ya Kuwait ya ukanda uliokuwa wa pamoja na Saudi Arabia, kwa miaka 60, hadi mwaka 2008. Malipo yalikuwa dola mbili na nusu kwa kila tani. Kifungu cha 17 kilisema mtawala hataufuta mkataba wala kuubadilisha kwa sheria au kwa amri ya kiutawala, ila kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kugandisha kwa muundo wake wa zamani kabisa.

Barafu haikudumu. Kuwait ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka huohuo mkataba ukarekebishwa, kampuni ikaanza kulipa kodi ya mapato. Kisha ikaja vita ya Oktoba 1973, bei ya mafuta ikapanda takribani mara nne ndani ya miezi michache. Kampuni iliyopanga biashara yake kwa bei ya zamani ilijikuta imekaa juu ya faida ambayo hakuna aliyeiota mwaka 1948. Nchi wanachama wa OPEC zikaja na fomula ya Abu Dhabi: mrabaha wa asilimia 20 na kodi ya asilimia 85. Kuwait ikataka Aminoil ilipe hivyo. Mazungumzo yakaburuzwa hadi yakafa, na mwezi Septemba 1977 serikali ikatoa amri ya kutaifisha, miaka 31 kabla ya mkataba kuisha.

Pande zote zilikubaliana kwenda kwa wasuluhishi watatu, waliokaa Paris na kutoa tuzo tarehe 24 Machi 1982. Kampuni ilishika Kifungu cha 17: mliahidi hamtaufuta. Kuwait ilishika mamlaka ya kudumu: ahadi ya namna hiyo haiwezi kuifunga nchi. Wasuluhishi wengi hawakumpa yeyote ushindi kamili, na hapo ndipo penye somo.

Walisema nchi inaweza kujizuia kutaifisha. Lakini kizuizi kizito kiasi hicho lazima kiandikwe waziwazi, tena kwa kipindi kisicho kirefu. Hakiwezi kudhaniwa kutokana na maneno ya jumla, sembuse kwa miaka 60. Kifungu cha 17 hakikutaja kutaifisha. Isitoshe, mkataba ulikuwa umebadilika njiani kwa ridhaa ya wote wawili, kodi ikipanda na serikali ikizidi kushika usukani, hivyo kifungu kilikuwa kimepoteza ukali wake wa mwanzo. Kutaifisha, basi, kulikuwa halali. Hata hivyo kifungu hakikutupwa jalalani. Kilibaki na kazi ya kumlinda mwekezaji asinyang'anywe bure, na kilihesabiwa kama msingi wa matarajio halali ya kampuni kupata faida ya kiasi, jambo lililoingia kwenye fidia.

Msuluhishi mmoja, Sir Gerald Fitzmaurice, aliandika maoni yake pembeni. Kwake, maneno ya kifungu yalitosha kuzuia kutaifisha, na kulipa fedha hakugeuzi kuvunja ahadi kuwa kutimiza. Si hoja ya kupuuzwa. Ahadi inayoweza kuvunjwa wakati wowote kwa kulipa fidia ya kawaida ina faida gani kuliko kutokuwa na ahadi?

Sasa hesabu, maana ndizo zinazoonyesha mamlaka inagharimu nini. Mali na maslahi ya Aminoil yalithaminiwa kuwa takribani dola milioni 206. Lakini kampuni nayo ilikuwa inadaiwa na serikali takribani milioni 123, hasa kodi ambazo ingepaswa kulipa kwa viwango vipya. Likabaki deni la dola milioni 83, la Septemba 1977. Juu yake wasuluhishi waliweka riba ya asilimia 7.5 na asilimia 10 ya mfumuko wa bei, jumla asilimia 17.5 kila mwaka, ikijilimbikiza. Kufikia Julai 1982, milioni 83 zilikuwa zimegeuka karibu milioni 180. Anayedhani kesi hizi hushindwa au kushinda kwenye hoja za mamlaka aitazame riba. Miaka mitano ya kubishana iliongeza zaidi ya thamani ya kilichokuwa kinabishaniwa.

Libya ilikutana na upepo tofauti. Ilipotaifisha mali za Texaco na mwenzake mwaka 1973 na 1974, msuluhishi pekee, Mfaransa René-Jean Dupuy, aliamua mwaka 1977 kwamba nchi inapojifunga kwa hiari inakuwa inatumia mamlaka yake, haiyapotezi, na kwa hiyo Libya irudi kutekeleza mkataba. Haikurudi. Ilimalizana na kampuni kwa kuwapa mafuta ghafi ya thamani ya dola milioni 152. Ukiweka Dupuy na Aminoil kwenye mizani utaona wanagombana kuhusu sheria, ila mwisho wao uko karibu: mafuta yalibaki kwa nchi, na nchi ililipa.

Serikali nyingi zimelisoma hilo, na kampuni pia. Tangu hapo vifungu vimebadilika sura. Vya siku hizi mara nyingi havisemi sheria isibadilike. Vinasema ibadilike mpendavyo, lakini ikinipunguzia faida, mtanifidia au tutakaa kurekebisha masharti mengine hadi mizani irudi ilipokuwa. Vinaitwa vifungu vya kusawazisha uchumi wa mradi. Vinasikika vya kistaarabu kuliko kugandisha, lakini ukali wake unategemea maneno machache. Je, vinahusu kodi tu, au hata sheria ya mazingira na usalama wa wachimbaji? Kama ni vyote, nchi inayotaka bwawa la maji ya sumu liwe na ukuta imara zaidi inaweza kujikuta inalipia ukuta huo. Je, mizani inaelekea upande mmoja tu, yaani kodi ikipunguzwa kampuni inabaki na faida? Na kifungu kinaisha lini? Mtu akikupa mkataba wa aina hii usome, nenda moja kwa moja kwenye sehemu hizo tatu. Kurasa nyingine zinaweza kusubiri.

Tanzania ilichagua njia ya mkato mwaka 2017. Mwezi Machi Rais Magufuli alizuia makinikia kusafirishwa, makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam, kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro zikaripoti, na ilipofika Julai Acacia, mmiliki wa Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa imepewa madai ya kodi, riba na adhabu ya takribani dola bilioni 190. Katika joto hilohilo Bunge likapitisha sheria kwa hati ya dharura. Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusu Umiliki wa Maliasili ililichukua neno la mwaka 1962 na kuliweka kwenye jina lake, ikasema pia kwamba mamlaka hayo hayatahojiwa mbele ya mahakama au baraza la nje. Ile ya pili, ya Mapitio na Majadiliano kuhusu Masharti Hasi, ndiyo yenye meno. Inataja masharti yanayohesabiwa kuwa hasi, yakiwemo yanayozuia mamlaka ya nchi juu ya maliasili na yanayompa mwekezaji utaratibu wa kisheria wa peke yake. Kugandisha kodi kunaingia hapo bila kusukumwa.

Utaratibu wake ni huu: Bunge likiona mkataba una masharti hasi, linaweza kuitaka serikali kwa azimio iyajadili upya. Serikali inampa mwenzake taarifa ndani ya siku 30, na majadiliano yanapewa siku 90. Yakikwama, masharti hayo yanahesabiwa kuwa yamefutwa. Ni Kuwait ya 1977 iliyobanwa ndani ya miezi minne, ila badala ya kutaifisha mgodi, unataifishwa mstari wa mkataba.

Sehemu ya tatu ya mabadiliko hayo ilizungumziwa kidogo sana mitaani, nami naona ndiyo yenye hekima kuliko zote. Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa hadi asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Kwenye mgodi wetu wa kufikirika, mrabaha na ada ni dola milioni 28, kutoka 11.7. Lakini sheria hiyohiyo ya madini haikukataa uthabiti. Iliweka masharti ya kuuandika: uwe wa muda maalumu, uweze kujadiliwa upya, uonyeshe thamani ya kodi ambayo serikali inaiacha, na usigandishe sheria za nchi. Ukiisoma kwa utulivu utasikia sauti ya Paris 1982 ndani yake. Nimemsikia mwanasheria mmoja akilalamika kwamba sharti la thamani haliwezekani, kwani nani ajuaye bei ya dhahabu ya miaka 15 ijayo. Ni kweli. Ila mwaka 1998 hatukujaribu hata kukisia.

Acacia ilikwenda kudai usuluhishi kuanzia Julai 2017. Barrick, mwenye hisa nyingi ndani yake, alikaa mezani badala yake, akawanunua wanahisa wengine mwaka 2019, na Januari 2020 akasaini na serikali: dola milioni 300 kumaliza madai, kampuni mpya ya Twiga yenye serikali kwa asilimia 16, na manufaa ya kiuchumi ya migodi kugawanywa nusu kwa nusu. Umbali kati ya bilioni 190 na milioni 300 ni habari ya kujitegemea. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba mikataba ya zamani haikuvunjwa na sheria peke yake. Ilibadilishwa na mkataba mwingine, mwenye nyumba safari hii akiwa ndiye anayejua kwamba vigae havibebeki.

Wasiokuwa na mgodi bado walipitia mlango mwingine. Mwaka 2018 leseni za kuhodhi maeneo yenye madini zilifutwa. Mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, mkoani Lindi, uliomilikiwa na kampuni ya Indiana na washirika wake, haukuhitaji kifungu chochote cha uthabiti ili kushitaki. Ulitumia mkataba wa kulinda wawekezaji kati ya Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994, ambao ni ahadi kati ya nchi na nchi, na sheria ya Bunge la Dodoma haiwezi kuufuta kwa upande mmoja. Julai 2023 wasuluhishi waliamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 90, kwa eneo ambalo halijawahi kutoa hata tani moja ya nikeli.